Kichwa cha habari ya mvua na picha yake: namna ya kuandika bila kuizamisha Dar

Ukipita asubuhi kwenye kituo chochote cha daladala hapa mjini utawakuta wamesimama mbele ya meza ya magazeti, mikono nyuma, wanasoma vichwa. Wengi hawanunui. Wanasoma vile vya ukurasa wa mbele, wanatazama picha, wanabishana kidogo, basi linakuja wanaondoka. Wengine wameshasomewa vichwa hivyo hivyo redioni wakiwa bado wanaoga. Kwa watu hao kichwa na picha ndiyo habari yenyewe, na ile aya ya sita uliyoweka "hata hivyo" hawatafika kamwe.

Nimekaa dawati la habari miaka ya kutosha kujua wapi tunakosea zaidi, na sitaanzia kwenye siasa wala udaku. Nitachukua habari ya mvua. Inarudi kila Masika, kati ya Machi na Mei, na tena Vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Watu wanaifanyia uamuzi siku hiyo hiyo: wahame au wabaki, wapite Jangwani au wazunguke. Na kila makosa ya kichwa na picha utayakuta humo.

Soma tangazo lenyewe, neno kwa neno

Usiandike kichwa kutoka kwenye habari ya mwenzako, na usikiandike kutoka kwenye ujumbe uliozunguka WhatsApp. Fungua tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA. Tuseme linasema hivi (mfano ni wa kutunga, ila mtindo ndio wao): "ANGALIZO la mvua kubwa siku ya kesho limetolewa kwa maeneo machache ya mikoa ya Dar es Salaam, Pwani na Tanga. Uwezekano wa kutokea: wastani. Kiwango cha athari: wastani. Athari zinazoweza kujitokeza: baadhi ya makazi kuzungukwa na maji na kuchelewa kwa usafiri."

Kila neno hapo limepimwa. TMA wana ngazi tatu: angalizo, lenye rangi ya njano, tahadhari, rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa, nyekundu. Mtaani maneno haya tunayachanganya bila shida yoyote, lakini kwenye tangazo angalizo ndiyo ngazi ya chini kuliko zote. "Maeneo machache" nayo si pambo. Kuna siku wanaandika "baadhi ya maeneo", kuna siku "maeneo mengi", na tofauti hiyo wameikusudia.

Kabla ya kufikiria kichwa, andika pembeni sentensi moja ya kawaida, kama unamwambia jirani: nani kasema, kasema nini, kuhusu wapi, lini, na kwa uhakika kiasi gani. Kwa mfano wetu: "TMA wanasema kesho kuna uwezekano wa wastani wa mvua kubwa kwenye sehemu chache za Dar, Pwani na Tanga, na ikinyesha, nyumba kadhaa zinaweza kuzungukwa na maji na usafiri ukachelewa." Sentensi hii haichapishwi. Ni mizani ya kupimia kichwa kitakachokuja.

Andika kichwa kibaya, kisha ukipasue

Hiki ndicho kingetoka kwenye madawati mengi saa mbili usiku, ukurasa ukisubiriwa kiwandani:

*Mvua kubwa kuizamisha Dar kesho, TMA yatoa tahadhari*

Kinasomeka vizuri, na hakuna atakayekishtaki kwa uongo wa wazi. Sasa kiweke kando ya ile sentensi. "Kuizamisha" hakumo kwenye tangazo. Mle mna makazi "kuzungukwa na maji", tena "baadhi". "Dar" imebeba mkoa mzima, kutoka Bunju hadi Kigamboni, ilhali tangazo linasema maeneo machache, na Pwani na Tanga zimetoweka. "Tahadhari" imepandisha ngazi moja juu. Kosa la nne ndilo gumu kuliona, kwa sababu limejificha kwenye sarufi yetu wenyewe.

Kwenye vichwa vya Kiswahili tuna mazoea ya kutumia kitenzi-jina mahali pa wakati ujao: "Bei ya mafuta kupanda", "Waziri kuhojiwa", "Mvua kuizamisha". Ni fupi na inapendeza, lakini msomaji anaisikia kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Uwezekano wa wastani umegeuka ahadi. Kwa hiyo "ku-" ya namna hii iache kwa mambo ambayo kweli yamepangwa na mwenye mamlaka nayo: "Daraja kufungwa Jumapili kwa matengenezo" ni sawa, maana aliyeamua kulifunga kasema. Mvua haijapanga kitu na mtu. Kwake tumia "huenda", au taja tangazo lenyewe badala ya kutaja mvua.

Ukishakipasua namna hiyo, kijenge upya:

*TMA yatoa angalizo la mvua kubwa Dar, Pwani, Tanga*

Hapo kilichotokea kweli ndicho kilichoandikwa. Mvua haijanyesha, kilichotokea leo ni kutolewa kwa angalizo. Kichwa hiki kina herufi 50 ukihesabu na nafasi. Msanifu kurasa akikurudia kwamba safu inabeba 40, hapo ndipo wengi wanapoponzeka: wanakata maneno ya mipaka na kubakiza ya kelele. Fanya kinyume chake. Kitenzi "yatoa" kinaweza kwenda, na jina la TMA likashuka kwenye kichwa kidogo:

*Angalizo la mvua kubwa Dar, Pwani, Tanga*
*TMA: Ni kwa maeneo machache, uwezekano ni wa wastani*

Ni herufi 40 kamili juu, na chini kuna mipaka yote miwili, ya eneo na ya uhakika. Mhariri wa zamu atasema kimepoa. Atakuwa sahihi, kwa sababu hata angalizo lenyewe limepoa. Kazi yetu siyo kulipashia moto.

Kwa toleo la mtandaoni ongeza kitu kimoja: tarehe. "Kesho" na "leo" kwenye gazeti la karatasi zinalindwa na tarehe iliyo juu ya ukurasa. Kwenye simu hazina ulinzi. Kichwa kinapigwa skrinishoti, kinakaa kwenye gruu la ukoo, na baada ya miezi mingapi sijui kinafufuka, na "kesho" yake inakuwa kesho ya siku hiyo. Andika "Aprili 17", na mwaka kama nafasi ipo.

Usimfiche msomaji kitu ili abofye

Kichwa cha chambo kina umbo lake, na ukishalijua utalitambua ukiwa mbali. Kinakutajia kwamba kuna jambo, kisha kinakunyima jambo lenyewe: "Wakazi wa mabondeni, someni hili kabla hamjalala". "TMA yafunguka mazito kuhusu mvua". "Hiki ndicho kitakachotokea Dar kesho". Kipimo chake ni rahisi: mtu akisoma kichwa tu na asibofye, ameondoka na nini? Aliyesoma "Angalizo la mvua kubwa Dar, Pwani, Tanga" ameondoka na habari, hata kama hana bando. Aliyesoma "someni hili kabla hamjalala" ameondoka na wasiwasi mtupu.

Kichwa cha kuuliza ni ndugu yake. "Je, Dar itazama?" hakidai lolote, kwa hiyo huwezi kukishtaki, lakini picha aliyoipata msomaji ni ile ile ya kuzama. Kama jibu analo mtaalamu, andika jibu. Kama jibu halipo, basi swali hilo siyo habari ya kesho asubuhi.

Siku ya pili: angalia "wakazi" ni wangapi

Tuseme imenyesha. Maji ya Mto Msimbazi yamepanda, Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani kwa saa kadhaa, mabasi ya mwendokasi yamesimama. Mwandishi wako amekwenda, amezungumza na watu 11. Tisa wanasema wangehama kama wangepata pa kwenda. Wawili wanasema hawaondoki mpaka walipwe. Anarudi na kichwa: "Wakazi Jangwani wagoma kuhama".

Kila neno lina pa kushikia. Ni wakazi, ni wa Jangwani, na wawili kati yao kweli hawataki kuhama. Lakini uzito umewekwa upande wa wachache, na lugha imesaidia kuficha. "Wakazi" peke yake kwa Kiswahili yaweza kuwa wote au wawili. Hakuna alama yoyote inayotenganisha. Msomaji asipopewa kipimo, anachukua wote. Kwa hiyo kila penye jina la kundi bila idadi, iwe wakazi, wafanyabiashara, madereva au wanafunzi, simama ujiulize ni wangapi, kisha andika "baadhi ya", au idadi yenyewe, au geuza kichwa kiwafuate wale tisa: "Jangwani: Tutahama tukipata pa kwenda". Na chini yake: "Wawili kati ya 11 waliozungumza nasi wasema hawaondoki bila fidia".

"Wagoma" nayo ipimwe. Vitenzi vyetu vya kichwa vingi vimebeba hukumu tumboni. Anayesema tu, ukimwandika "akiri" umemfanya mkosaji; ukimwandika "afichua" umethibitisha alichosema kuwa kweli na kwamba kilifichwa; ukimwandika "adai" umemtilia shaka. "Asema" ni neno zuri sana na halijamchosha mtu bado.

Kuhusu vifo nitasema moja tu. "Mvua yaua watatu" inahitaji mtu mwenye mamlaka aliyesema kwamba wote watatu wamekufa kwa mvua. Mmoja akiwa amenaswa na waya wa umeme uliodondoka, sababu yake bado inachunguzwa. "Watatu wafariki Dar, polisi wachunguza" inatosha kwa usiku huo, na saa uliyopata idadi iandikwe kwenye aya ya kwanza, kwa sababu asubuhi itakuwa imebadilika.

Picha: anza kwa kuuliza, siyo kwa kuangalia

Niliwahi kuchukua picha kwenye folda ya zamani, usiku, mpiga picha hapatikani. Maji, magari, watu wamekunja suruali. Nikaandika: "Magari yakipita kwa shida eneo la Jangwani jana." Asubuhi simu ya ofisini ikaita, mama mmoja mtu mzima, sauti ya upole kabisa: "Mwanangu, hiyo njia ya mwendokasi mmeipeleka wapi?"

Nikatazama. Kweli, katikati ya barabara hapakuwa na njia za mabasi. Mwendokasi zilianza kubeba abiria Mei 2016, na ujenzi ulitangulia miaka kadhaa. Picha yangu ilikuwa ya kabla ya hapo. Mimi niliyekuwa napita pale kila siku sikuona, kwa sababu nilitazama maji. Tangu hapo natazama kwanza kisichohusika na habari: barabara, majengo ya nyuma, vibao, mabango ya matangazo, jezi aliyovaa mtu. Hivyo ndivyo vinavyotaja mwaka.

Maswali ya kumuuliza mpiga picha ni yale yale kila mara: umepiga lini, umesimama wapi, huyu ni nani, na kabla na baada ya hapo kulikuwa na nini. Faili asilia ukilipata, angalia sehemu ya `DateTimeOriginal`, ukikumbuka kwamba kamera yenye saa mbaya inaandika tarehe mbaya. Picha iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida huwa imepoteza taarifa hizo. Omba itumwe kama faili. Na kama imetoka kwa mtu usiyemjua, ipitishe Google Lens au TinEye kuona kama imewahi kutokea mahali pengine. Ikikosekana huko haina maana kwamba ni mpya. Ina maana tu kwamba hawajaiona.

Swali la "huyu ni nani" ndilo tunaloliruka zaidi. Kijana anasukuma mkokoteni wenye friji majini. Mkono unaandika wenyewe "Mkazi akiokoa mali zake". Ukimuuliza anakwambia friji ni ya mteja, yeye analipwa kuvusha. Hiyo ni habari tofauti, na mimi naiona tamu zaidi: maji yakipanda kuna watu wanapata riziki humo. Hivyo usimwite mtu mkazi, mwathirika wala mzazi mpaka aseme mwenyewe. Usiandike pia "akiwa na huzuni" au "akishangaa". Uso huoni kilicho ndani yake. Labda jua lilikuwa linampiga.

Maelezo ya picha yaseme lini, wapi, na nini hakionekani

Maelezo mazuri yana sehemu mbili. Ya kwanza inataja kinachoonekana, mahali hadi mtaa, na tarehe. Ya pili inataja kile ambacho fremu imekiacha nje, kama kukiacha kunapotosha. Kwa picha yetu (mwaka nauacha kwa kuwa mfano ni wa kutunga, wewe usiuache):

*Kijana akivusha friji ya mteja kwa mkokoteni Barabara ya Morogoro, Jangwani, Aprili 17 asubuhi. Maji yalifika magotini sehemu hii. Barabara ilifunguliwa saa nane mchana.*

Sentensi ya pili inarekebisha kazi ya lenzi. Ukipiga kwa lenzi ndefu kutoka mbali, vitu vya mbele na vya nyuma vinasogeleana: watu 40 kituo cha Kimara wanaonekana umati, na dimbwi la mita 30 linakuwa bahari. Ukikata picha juu na kando, lami kavu inaondoka. Hakuna aliyedanganya, ila msomaji amedanganyika. Muulize mpiga picha, "Pembeni kulikuwaje?" na uliandike jibu lake.

Picha ya zamani ikiwa lazima itumike, maneno "Picha ya maktaba" yatangulie mwanzoni, na tarehe yake ifuate. Yasiwekwe mwishoni kwa herufi za chungu.

Lakini kwa habari ya angalizo, mimi picha ya mafuriko ya zamani siiweki kabisa, hata ikiwa na maelezo safi. Ukiweka kichwa cha angalizo juu ya picha ya mabasi ya mwendokasi yaliyozama, viwili hivyo kwa pamoja vinasema jambo ambalo kila kimoja peke yake hakijasema: Dar imezama. Weka ramani ya mikoa mitatu, au watu wanaozibua mtaro kama wamepigwa leo.

Angalia kinachosafiri bila maelezo

Mtandaoni kuna mtego mmoja ambao dawati la karatasi halikuwa nao. Mtu akituma kiungo WhatsApp, kinachotokea kwenye kiboksi ni kichwa na picha zilizotajwa kwenye msimbo wa ukurasa. Maelezo ya picha hayaendi. "Picha ya maktaba" uliyoiandika kwa uaminifu imebaki nyumbani, na picha imesafiri uchi. Kwa hiyo picha ya kiboksi ichaguliwe kana kwamba haina maelezo kabisa, na kichwa chake kiwe kile kile cha ukurasani, siyo kile kikali alichokibuni mtu wa mitandao:

```html
<meta property="og:title" content="TMA yatoa angalizo la mvua kubwa Dar, Pwani, Tanga">
<meta property="og:image" content="https://example.com/ramani-angalizo.jpg">
```

Ukikosea hapo, kusahihisha ukurasa hakufuti kiboksi kilichokwisha kutumwa. Kinabaki kwenye simu za watu kama kilivyotoka. Andika sahihisho ukurasani ukitaja kosa lenyewe na saa ulipolirekebisha, kisha tuma kiungo upya kwenye njia zile zile ulizotumia mara ya kwanza.

Mpe mtu asiyeisoma habari

Cha mwisho kabla ya kuruhusu: funika habari, acha kichwa, picha na maelezo, umpe mtu asiye wa dawati. Usimuulize kama ni kizuri. Muulize, "Umeelewa nini?" Mimi huwa nashuka kwa mama lishe wetu wa chini, maana hana muda wa kunipendeza. Cha angalizo nilipompa, alifuta mikono, akasoma mara moja, akasema, "Kesho huenda mvua kubwa, ila siyo kote." Nikashukuru, nikageuka. Akaniita: "Sasa baba, ni usiku au mchana? Mimi mkaa wangu uko nje."

Nikarudi kulisoma tangazo. Saa haikutajwa. Nikaongeza kwenye aya ya kwanza kwamba angalizo halikutaja saa.